"Ya", "yenye" na "harufu ya": namna tunavyozipa majina sabuni na losheni zetu

(Haya niliyaongea kwa wenzangu watengeneza sabuni hapa kusini Unguja, wengi wameniomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu vile vile yalivyotoka mdomoni.)

Asalaam alaikum mama zangu, dada zangu, na nyie vijana wawili mliokaa kule nyuma karibu na mlango, sogeeni jamani viti vipo.

Nimeleta sabuni mbili, hii na hii. Hii ya kwanza niliitengeneza miaka ile naanza na lebo yake inasema SABUNI YA MWANI, kwa herufi kubwa, afu chini kuna orodha ndefu, inatibu chunusi, ina kolajeni, inaondoa makunyanzi, haina kemikali, asilia asilimia mia. Hii ya pili ndo tunayouza sasa hivi. Ndani ni sabuni ile ile, resipe sijagusa hata gramu moja, kilichobadilika ni karatasi tu. Nataka niwaeleze kwa nini nilibadilisha karatasi mana ndo kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko hata kujifunza kupika sabuni yenyewe.

Tuanze na resipe, iko hivi. Kilo moja ya mafuta: nazi gramu 600, mawese gramu 300, nyonyo gramu 100. Kostiki gramu 157, hapo nimeshapunguza asilimia tano ili mafuta kidogo yabaki bila kuliwa na kostiki, maji gramu 330. Mwani mkavu uliosagwa, vijiko kadhaa, kwenye mzani ni gramu 20. Mafuta ya karafuu gramu 10. Ukijumlisha unapata kama kilo moja na nusu ya uji, na ikikaa kwenye shelfu wiki tano maji yakapungua inabaki kama gramu 1,350. Sasa chukueni kalamu. Gramu 20 za mwani ndani ya gramu 1,350, ni kama gramu moja na nusu kwenye kila kipande cha gramu 100.

Gramu moja na nusu! Na mimi nilikuwa nimeiita sabuni ya mwani. Aliyenifungua macho ni mama mmoja anayelima mwani, nilikuwa nanunua kwake, akanishikia kipande akaniuliza, mwanangu, kwenye gunia langu moja unatoa sabuni ngapi? Nikapiga hesabu pale pale, nikamwambia gunia moja linanitosha mwaka na zaidi. Akasema basi hii si sabuni ya mwani, hii ni sabuni ya nazi mmeirushia mwani. Akanirudishia kipande changu akaendelea na kazi yake. Mimi nilirudi nyumbani sikulala vizuri, mana mama huyu anaamka alfajiri na bamvua anaingia baharini maji ya kiunoni kufunga kamba, afu mimi natumia jina la jasho lake kuuzia nazi.

Kuanzia hapo nikaanza kuangalia kile kineno kidogo cha katikati. Kiswahili kimetupa kitu kizuri sana hapa ila tunakipita tu. Ukisema "sabuni YA nazi" unamwambia mtu kwamba kilichoifanya iwe sabuni ni nazi. Ukisema "sabuni YENYE mwani" unamwambia mwani umo, upo, ila sio mwenye nyumba, ni mgeni. Ukisema "sabuni yenye HARUFU YA asmini" unamwambia kuna kitu kinanukia kama asmini na huenda asmini yenyewe haijafika hata kwenye jiko lako. Mtu yeyote anayeongea Kiswahili anaisikia tofauti hiyo bila kufundishwa. Chai ya tangawizi na chai yenye harufu ya tangawizi, ukipewa ya pili huku umelipia ya kwanza unajua umepunjwa.

Kwa hiyo kwetu tukaweka masharti. Kwa sabuni, "ya" inakwenda kwa mafuta yaliyo mengi kuliko yote na angalau yawe nusu ya mafuta yote, yasipofika nusu hatuandiki "ya" kwa moja tu, tunaandika mawili. "Yenye" inakwenda kwa kitu ambacho nimekitia mimi mwenyewe, nimekipima, na mteja anaweza kukiona au kukihisi kwa mkono au pua, na gramu zake tunaziandika nyuma ya pakti. "Harufu ya" ni kwa chochote kilichotoka kwenye chupa ya pafyumu. Basi ile sabuni ya mwani jina lake likawa SABUNI YA NAZI, chini yake kwa herufi ndogo kidogo, yenye mwani na karafuu, na nyuma imeandikwa mwani gramu 1.5 kwenye kila kipande. Niliogopa sana kuandika hiyo gramu 1.5, niliona kama najichongea. Hakuna aliyelalamika, wengi wanaigeuza wanasoma wanacheka kidogo wananunua, na wengine wanauliza hiyo gramu moja na nusu inafanya nini, na hapo ndo unapata nafasi ya kumweleza mtu ukweli: punje za mwani zinakwangua ngozi kidogo, basi, na sabuni unaisuuza baada ya dakika moja kwa hiyo usitegemee miujiza. Kuhusu kolajeni, hiyo niliifuta siku ile ile, kolajeni inatoka kwa wanyama na samaki, mwani hauna kolajeni, mimi niliinakili kwenye lebo ya mtu mwingine bila kuuliza.

Sasa kuna jambo litakalowasumbua mkianza kuita vitu kwa majina yake, na mimi lilinisumbua, ni swali la harufu. Mteja anachukua sabuni ya nazi, anaipeleka puani, anasema mbona hainukii nazi? Na ni kweli hainukii. Kostiki ikishakutana na mafuta ya nazi inayageuza, yanakuwa sabuni na gliserini, ile harufu tamu ya tui kwa sehemu kubwa inapotea, unabaki na harufu ya usafi tu kama nguo iliyoanikwa. Kwa hiyo ukikuta sabuni inayonukia nazi mpaka mate yanakutoka, hapo kuna uwezekano mkubwa ni pafyumu. Haina ubaya pafyumu, ila angalieni mambo yalivyogeuka: sabuni ambayo nusu yake ni nazi haina harufu ya nazi, na sabuni ambayo labda ni mawese matupu ndo inanukia nazi, na mteja anaamini pua yake. Nilishawishika kutia pafyumu ya nazi kidogo ili jina na pua vikubaliane, nilijaribu mara moja, nikaona sasa natengeneza uongo ili ukweli uaminike, nikaacha. Tulichofanya tumeandika kwenye pakti mstari mmoja: "Haina harufu ya nazi, sabuni ya nazi haibaki na harufu ya nazi." Dada anayeuza dukani anasema huo mstari ndo watu wanausoma kwanza.

Upande wa maua na matunda iko hivi. Mchaichai, karafuu, mdalasini, ilangilangi, hivi mafuta yake yanatolewa kwa mvuke na hapa visiwani tunavyo, unaweza kumwona mtu anayekamua ukanunua kwake. Asmini iko lakini mafuta yake halisi bei yake haiwezekani kwenye sabuni ya bei yetu, maua mengi mno kwa tone dogo. Embe, stroberi, tikiti, hizo ni pafyumu tu, hakuna mtu anayekamua mafuta ya harufu kutoka kwenye tikiti, basi mwenzako akikuambia ana "mafuta asilia ya tikiti" muulize vizuri aliyemuuzia. Sabuni yetu ya asmini, wateja wanaipenda mno hasa za kupeleka harusini, tunaiita SABUNI YA NAZI yenye harufu ya asmini. Nilidhani itakufa kwa jina hilo. Inauzika, mana anayeitaka anataka harufu, na harufu anaipata.

Na karafuu niwape tahadhari mbili kwa haraka kwa sababu wengi mnaitia. Moja, mafuta ya karafuu yanagandisha uji, ukiyatia mapema unakuta sufuria limekuwa ugali kabla hujafika kwenye frem, kwa hiyo yatie mwisho kabisa, mafuta yawe hayana joto kali, koroga kwa mwiko sio kwa blenda. Pili, karafuu inachoma ngozi za watu wengine. Kwenye sabuni inasuuzwa, kwenye losheni inabaki mwilini siku nzima, mimi kwenye losheni sivuki gramu 0.3 kwenye kila gramu 100, na nyuma ya chupa tunaandika ina mafuta ya karafuu, jaribu kwanza kwenye kiwiko kwa ndani, subiri siku moja, na usimpake mtoto mchanga. Jina lenye karafuu mbele linasaidia hapo, mwenye ngozi isiyopatana nayo anaiona kwa mbali anaiacha. Ndo faida ya jina linalotaja kilichomo, huwezi kuipata ukiiita Ndoto ya Kisiwa.

Losheni sasa, na hapa ndo kuna kosa langu kubwa.

Kwenye losheni maji ndo mengi kuliko kitu kingine chochote. Yetu, kilo moja, maji ni gramu 720, mafuta ya nazi 180, nta ya kuunganisha maji na mafuta 60, gliserini 30, zilizobaki ni kihifadhi na hayo matone ya karafuu. Tukifuata sharti la "ya" kikamilifu basi ingeitwa losheni ya maji, na hakuna anayeongea hivyo, kwa hiyo kwenye losheni tunahesabu mafuta tu na maji tunayaandika wa kwanza kwenye orodha ya nyuma, kila kitu kimepangwa kuanzia kilicho kingi kushuka kilicho kidogo. Mteja akisoma maji mbele anajua.

Zamani kwenye ile chupa nilikuwa nimeandika "haina kemikali, haina kihifadhi", na ili neno langu liwe kweli sikutia kihifadhi. Nilitia vitamini E nikidhani inatosha. Jamani vitamini E inayazuia mafuta yasichache, haiui vijidudu, hizo ni kazi mbili tofauti. Nilipeleka chupa 36 kwenye duka moja la zawadi, ilikuwa kaskazi, joto lile mnalijua, wiki ya tatu nikapigiwa simu niende kuzichukua. Nyingine zilikuwa na madoa meusi chini ya kifuniko, nyingine maji yamejitenga, nyingine zinanuka kama maziwa yaliyolala. Na zile zilizonitisha zaidi ni zile zilizoonekana nzuri kabisa, kwa sababu losheni inaweza kuwa imejaa bakteria na usione wala usinuse kitu, huwezi kujua bila kupeleka maabara. Kuna watu walishanunua. Niliwatafuta niliowaweza nikawarudishia hela, mmoja alikuwa ameshampaka mtoto wake mwenye vidonda vya kukwaruza, alhamdulillah hakupata neno, lakini mimi bado nikimwona yule mtoto nakumbuka.

Kwa hiyo sikilizeni, ikiwa kuna maji ndani lazima kuwe na kihifadhi, na kikiwemo kiandikwe. Unataka kuuza kitu kisicho na kihifadhi kwa haki, tengeneza mafuta magumu ya kupaka yasiyo na tone la maji, nazi na nta ya nyuki, hayo yanakaa, ila mwambie mteja asichovye vidole vilivyolowa. Sisi tunayo yote mawili, moja inaitwa LOSHENI YA NAZI yenye karafuu na nyuma kuna kihifadhi kimeandikwa kwa jina lake, nyingine inaitwa MAFUTA YA NAZI NA NTA, na kwenye hiyo ndo tumeandika "haina maji, kwa hiyo haina kihifadhi". Ile "kwa hiyo" ni muhimu, inampa mtu sababu, sio sifa.

"Haina kemikali" tumeifuta kila mahali. Sabuni haiwezi kupikwa bila kostiki, bibi zetu walitumia maji ya majivu ambayo nayo ni makali, yanafanya kazi ile ile. Badala ya kuificha tunaandika: imepikwa kwa mafuta na kostiki, kostiki imeishia kwenye mafuta, imekaa wiki tano kabla ya kuuzwa. Na kuisema hivyo kunakulazimisha uhakikishe, kila pishi nalowesha kipande napima kwa karatasi ya pH, sabuni nzuri inasoma kati ya 9 na 10, ikigusa 11 kwenda juu haiendi dukani. Ndo maana pia hatuandiki "inalingana na pH ya ngozi", ngozi iko chini ya 6, sabuni ya kweli haifiki huko hata ufanyeje.

Halafu "inatibu". Ukiandika inatibu chunusi, fangasi, ukurutu, umeshatoka kwenye vipodozi umeingia kwenye dawa, na wanaosimamia, TBS kule bara na ZFDA hapa kwetu, wana haki ya kukuuliza ushahidi uko wapi. Lakini hata kama hakuna anayekagua, fikiria mtu mwenye ukurutu anayeahirisha kwenda hospitali kwa sababu ya karatasi yako. Na kuhusu jua ndo nawaomba kabisa, msiandike mafuta ya nazi yanakinga jua, hayakingi kiasi cha kutegemewa. Tuna ndugu zetu wenye ualbino ambao kwao jua ni kansa ya ngozi, wanahitaji mafuta ya jua ya kweli kama Kilisun yanayotengenezwa kwa ajili yao kule Moshi, sio mafuta yetu yaliyoandikwa neno zuri.

Bi mmoja ameniuliza hapa asubuhi, sasa nikiita kwa jina la kilichomo si kila mtu ataniiga? Ataiga, ndiyo. "Sabuni ya Nazi" ni ya kila mtu, huwezi kuisajili kuwa alama yako peke yako kwa sababu inaeleza bidhaa tu, na ni sawa iwe hivyo. Kwa hiyo unahitaji majina mawili. Juu jina lako la biashara, la kubuni, lisiloeleza kitu, hilo ndo unalipeleka BPRA hapa Zanzibar au BRELA kama uko bara, na ujue usajili wa upande mmoja haukulindi upande wa pili, ni sajili mbili. Chini yake jina la kilichomo, hilo mwache kila mtu alitumie. Msichanganye, kuna mwenzetu aliita brandi yake yote kwa jina la mwani afu nusu ya bidhaa zake hazina mwani, sasa kila losheni ya karafuu inabeba jina la kitu ambacho hakimo.

Mtaniuliza, sasa ukifuta inatibu, inang'arisha, haina kemikali, unabaki na nini cha kumwambia mteja? Nami nilikaa na lebo tupu mbele yangu kama wiki mbili hivi. Mpaka siku moja naoga nyumbani. Visima vyetu upande huu wa mashariki mnavijua, maji yana chumvi, sabuni nyingi za dukani unasugua mpaka mkono unachoka povu haliji. Yangu inatoa povu. Nikakumbuka, mafuta ya nazi ndo yanayotoa sabuni inayofanya kazi kwenye maji ya chumvi, mabaharia walikuwa wakiitafuta sabuni ya nazi kwa sababu hiyo hiyo, wanaogea maji ya bahari. Kitu cha kweli kilikuwa ndani ya jina muda wote na mimi naandika makunyanzi!

Sikuandika hapo hapo. Nilichota maji visima vinne tofauti nikajaribu yangu na sabuni nyingine tatu, kila moja kusugua mara ishirini kwenye kitambaa kimoja. Visima vitatu povu lilikuja jingi. Cha nne, kilichochimbwa kwenye mwamba wa chokaa, povu lilikuja ila ukabaki utando mweupe kwenye beseni, mana chumvi ni jambo moja na chokaa ni jingine, nazi inaiweza chumvi, chokaa haiiwezi. Basi tumeandika hivyo: "Inatoa povu kwenye maji ya kisima yenye chumvi. Kwenye maji ya chokaa inaweza kuacha utando." Na kwa kuwa nazi nyingi inakausha ngozi za watu wengine, chini yake kuna mstari, ukikauka paka mafuta baada ya kuoga.

Ndoo ile pale mlangoni ina maji ya kisima cha hapa hapa, nimechota asubuhi, na vipande nimevikata vidogo vidogo vya kutosha wote. Nyie vijana mlio karibu anzeni, afu mwambieni kila mtu kwa sauti mmeona povu au hamjaona.